Mbinu Rejeshi: Kuyaleta Yaliyopita bila Kuisimamisha Hadithi

Mbinu rejeshi, ambayo wahakiki wengine huiita kisengere nyuma, ni pale msimulizi anapoacha tukio linaloendelea na kurudi kwenye jambo lililotokea kabla yake. Mhusika yuko mlangoni, msimulizi anampeleka utotoni, kisha anamrudisha mlangoni. Kila hadithi inayotumia mbinu hii huwa na saa mbili. Ya kwanza ni saa ya leo, inayohesabu tukio ambalo msomaji analifuatilia ili ajue litaishaje. Ya pili ni saa ya jana, inayohesabu mambo ambayo yamekwisha na matokeo yake yamekwisha kujulikana kwa wahusika, hata kama msomaji bado hajaambiwa.

Saa hizi mbili haziwezi kwenda kwa pamoja katika sentensi moja. Jana inaposimuliwa, leo husimama. Msomaji aliyekuwa anasubiri mlango ufunguliwe huambiwa asubiri zaidi. Akiona kwamba kusubiri kwake kuna faida, hukaa. Asipoona faida, huruka aya au hukifunga kitabu. Kwa hiyo swali la mwandishi si kama arudi nyuma au asirudi, maana karibu kila mhusika ana jana yake. Swali ni lini arudi, akae huko kwa muda gani, na arudi leo akiwa amebeba nini.

Dalili za hadithi iliyokwama

Mfano ufuatao umetungwa kwa ajili ya makala hii. Mwanaidi ni fundi cherehani katika mji mdogo wa pwani. Siku moja anafika mzee mmoja na koti lililochanika bitana. Mzee huyo alikuwa karani, na miaka thelathini iliyopita alimdanganya baba yake Mwanaidi, ambaye hakujua kusoma, hata akatia dole gumba kwenye karatasi iliyomnyang'anya shamba lake la minazi. Mzee hamtambui Mwanaidi. Mwanaidi anamtambua.

Rasimu ya kwanza ya mwandishi asiye na uzoefu huwa hivi:

"Mzee alisimama kizingitini akiwa na koti mkononi. Mwanaidi alimtambua papo hapo, akazama katika lindi la mawazo. Alikumbuka jinsi alivyozaliwa katika familia ya watoto watano, jinsi baba yake alivyokuwa na shamba la minazi mia mbili, jinsi walivyokuwa wakienda kuangua madafu kila wikendi, jinsi alivyoanza shule ya msingi, na jinsi yule karani alivyokuja usiku mmoja na karatasi ya kuwadhulumu…"

Maelezo hayo yanaendelea kwa kurasa tatu, kisha rasimu inamalizia: "Ghafla alishtuka kutoka katika lindi la mawazo. 'Karibu,' alimwambia mzee."

Kosa la kwanza ni la wakati. Jibu limetolewa kabla ya swali. Msomaji amekutana na Mwanaidi sentensi mbili tu zilizopita, na bado hajaona lolote katika mwenendo wake linalomfanya aulize ana nini na mzee huyu. Habari za shamba zinamwangukia kama posho ambayo hakuiomba. Laiti angeuona kwanza mkono wa Mwanaidi ukitetemeka, angezitafuta habari hizo mwenyewe.

Kosa la pili ni la kipimo. Kwa kurasa tatu mzee amesimama kizingitini na koti mkononi, hasemi, hakai, hakohoi. Msomaji huenda asiweze kulitaja kosa hili kwa jina, lakini hulihisi: leo imegeuka picha iliyotundikwa ukutani. Isitoshe, sehemu kubwa ya kurasa hizo ni desturi, si tukio. Kuangua madafu kila wikendi, kwenda shule, kulelewa na ndugu wanne ni mambo yaliyojirudia, na mambo yaliyojirudia hayana mwanzo wala mwisho wa kumvuta msomaji. Usiku mmoja wa karani una mwanzo na mwisho, lakini umefukiwa chini ya yote hayo.

Kosa la tatu ndilo kubwa. Mwanaidi anarudi kutoka jana mikono mitupu. Anasema "Karibu", neno ambalo angelisema hata kama asingekumbuka chochote. Kumbukumbu hiyo haikubadilisha tendo lililofuata, na sehemu ya hadithi isiyobadilisha tendo linalofuata inaweza kuondolewa bila mtu kuhisi pengo. Hapo ndipo pa kuipima mbinu rejeshi yoyote: ifunikwe kwa karatasi, kisha sentensi ya kabla yake isomwe moja kwa moja na sentensi ya baada yake. Iwapo tukio la leo linasomeka vilevile, na kwa uzito uleule, sehemu hiyo haina kazi mahali ilipo. Ama ihamishwe, ama iachwe.

Dokezo kabla ya habari kamili

Dawa ya kosa la kwanza ni kuanza na matokeo na kuchelewesha chanzo. Katika maisha pia mambo huja hivyo. Mtu huona kovu kabla ya kuisikia habari ya kisu. Mwandishi anayejua jana ya mhusika wake huiacha kwanza ijionyeshe katika mwili na mwenendo wa leo, bila kueleza.

Katika hadithi ya Mwanaidi, dokezo la kwanza linaweza kuwa sentensi tatu tu: "Sauti ile aliijua. Alipitisha uzi tunduni mara ya kwanza, ukakataa. Mara ya pili, ukakataa." Fundi wa miaka mingi hashindwi kutunga uzi sindanoni bila sababu. Msomaji anaandika swali moyoni. Leo haijasimama hata kidogo, kwa kuwa kutunga uzi ni sehemu ya kazi inayoendelea.

Dokezo la pili huongeza swali bila kulijibu. Mzee anauliza, kama wazee wanavyouliza, "Wewe ni binti wa nani?" Mwanaidi anajibu, "Wa hapa hapa tu, mzee wangu." Katika jamii ambayo kutaja jina la baba ndiyo njia ya kawaida ya kujitambulisha, binti anayelificha jina hilo amesema mengi. Msomaji sasa anajua kwamba kuna jambo, kwamba linamhusu baba, na kwamba mzee yumo ndani yake. Amepewa sehemu ya jana bila msimulizi kuondoka ndani ya duka.

Madokezo mawili au matatu ya aina hii hutosha. Yakizidi, msomaji huona anachezewa, hasa kama mhusika anajua kila kitu na msimulizi anakwepa kwa makusudi. Kuna mpaka kati ya kuchelewesha na kuficha. Kuchelewesha ni pale mhusika mwenyewe ana sababu ya kutotaka kulifikiria jambo: ana mteja mbele yake, ana kazi mkononi, ana hofu. Kuficha ni pale mhusika analifikiria jambo waziwazi na msimulizi analifunika kwa maneno kama "lile jambo" au "siri ile" ukurasa baada ya ukurasa. Msomaji huvumilia la kwanza na huchoshwa na la pili.

Mahali pa kurudi nyuma

Mbinu rejeshi hukaa vizuri zaidi pale leo inapofika kwenye uamuzi ambao hauwezi kueleweka bila jana. Kwa Mwanaidi, mahali hapo si kizingitini. Kizingitini hakuna cha kuamua. Mwandishi anahitaji kulisukuma tukio la leo mbele hadi lifike ukingoni, ndipo alikatize.

Katika rasimu ya pili, Mwanaidi anapekua mifuko ya koti kabla ya kulishona, kama fundi yeyote afanyavyo, na anatoa barua. Mzee hajui imeandikwa nini:

"'Nisomee, mwanangu. Miwani nimeiacha nyumbani.'

Mwanaidi aliikunjua. Ilitoka baraza la ardhi. Mzee alisogea, akatega sikio, kidole gumba chake kimeshika ukingo wa karatasi.

Kidole hicho kilikuwa kimeshika karatasi nyingine, miaka thelathini nyuma. Mwanaidi alikuwa na miaka minane, na kazi yake usiku ule ilikuwa kushika taa. Karani alisoma polepole: shamba linakodishwa kwa miaka mitatu, minazi inabaki ya mwenyewe. Baba aliitikia kila neno, akachovya dole gumba kwenye wino, akalibandika pale alipoonyeshwa. Taa ilitikisika, na karani akasema, 'Shika vizuri, mwanangu.' Mwaka uliofuata mwenye duka alikuja na wapimaji.

'Wanasemaje?' mzee aliuliza.

Tarehe ilikuwa keshokutwa, saa tatu asubuhi. Mwanaidi aliitazama, kisha akamtazama yule aliyekuwa akingoja."

Sehemu ya jana hapa ni sentensi sita. Familia ya watoto watano haimo, shule haimo, madafu hayamo. Kilichobaki ni usiku mmoja na sentensi moja ya matokeo yake. Lakini leo imebadilika kabisa. Kabla ya aya hiyo, fundi alikuwa anamsomea mzee barua. Baada yake, mtu aliyedhulumiwa kwa kusomewa uongo anaombwa kumsomea aliyedhulumu. Tarehe ya keshokutwa, ambayo ingekuwa habari kavu, sasa ni silaha mkononi mwa Mwanaidi. Msomaji hahitaji kuambiwa hivyo. Akilisoma swali "Wanasemaje?", anajua kinachoweza kutokea, na anageuza ukurasa.

Mhakiki Mfaransa Gérard Genette, katika uchambuzi wake wa usimulizi uliotoka mwaka 1972, alitenganisha mambo mawili ambayo waandishi wengi huyachanganya: umbali wa kurudi nyuma, yaani miaka mingapi imepita tangu tukio la zamani, na urefu wa kipindi kinachosimuliwa huko. Utengano huu unamsaidia sana mtunzi. Umbali mrefu hauhitaji kipindi kirefu. Mwanaidi anarudi miaka thelathini, lakini anakaa huko usiku mmoja. Rasimu ya kwanza ilirudi umbali uleule na kujaribu kuijaza miaka yote ya katikati, kana kwamba msomaji hawezi kuruka mto bila kupewa daraja la mawe. Anaweza. Anachohitaji ni kujua anatua wapi.

Kiungo cha kuingilia

Safari kutoka leo hadi jana huhitaji kitu cha kushika, na kitu bora ni kile ambacho tayari kimo katika tukio la leo. Katika mfano, kitu hicho ni kidole gumba kwenye ukingo wa karatasi. Kipo leo, kilikuwepo jana, na msomaji anavuka juu yake. Harufu ya wino, mlio wa mlango, kibwagizo cha wimbo unaotoka redioni kwa jirani, vyote vinaweza kufanya kazi hiyo, alimradi mhusika ana sababu ya kukutana navyo wakati huo na havikuletwa kwa ajili ya kuamsha kumbukumbu tu.

Mfano mkongwe wa kiungo cha aina hii umo katika Odisei ya Homeri, sehemu ya kumi na tisa. Odisea amerudi kwake baada ya miaka ishirini, amejigeuza mwombaji, na hataki kutambuliwa. Yaya wake wa utotoni anamwosha miguu na kuligusa kovu pajani. Papo hapo shairi linaacha beseni na kwenda kueleza kovu lilivyopatikana: ziara kwa babu, mawindo mlimani, nguruwe mwitu aliyemjeruhi kijana. Maelezo hayo yanachukua zaidi ya mistari sabini. Kisha shairi linarudi kwa kilekile lilichokiacha: yaya anauachia mguu, mguu unaangukia beseni, beseni linapinduka, maji yanamwagika.

Erich Auerbach alikifungua kitabu chake Mimesis, kilichotoka mwaka 1946, kwa kuichambua sehemu hii, na alisisitiza kwamba simulizi la mawindo linamjaa msikilizaji kiasi kwamba anasahau kwa muda miguu inayooshwa. Kwa mtunzi wa leo, hilo ni onyo na funzo kwa pamoja. Onyo ni kwamba jana iliyosimuliwa kwa ukamilifu huimeza leo. Funzo limo katika kurudi: kovu ndilo lililofungua mlango, na mkono ulioligusa ndio unaoufunga. Maji yanayomwagika ni tendo, na tendo hilo linaleta hatari mpya, kwa kuwa Odisea anaweza kugunduliwa. Hata msomaji aliyesahau hukumbushwa kwa kishindo.

Viungo vilivyochakaa ni vile visivyo na kitu ndani yake. "Alizama katika lindi la mawazo", "mawazo yalimrudisha nyuma", "picha ya maisha yake ilimpitia kama sinema", na mwishoni "alishtuka" au "alizinduka": maneno haya hayamwonyeshi msomaji chochote isipokuwa kwamba msimulizi anabadili gia. Mara nyingi yanaweza kufutwa yote bila kuweka kitu mahali pake. Katika rasimu ya pili hakuna neno "alikumbuka". Kidole kinatosha kumpeleka msomaji, na swali la mzee linatosha kumrudisha.

Nyakati za kitenzi

Kiswahili kina vifaa vyake vya kuonyesha kwamba hadithi imerudi nyuma, na mwandishi anayevitumia vizuri hahitaji kutangaza. Simulizi ya kawaida hutumia -li-: mzee alisogea, Mwanaidi aliikunjua. Kwa kuwa leo ya hadithi nayo inasimuliwa kwa -li-, jana yake inahitaji alama ya kuitenga. Alama hiyo ni muundo wa vitenzi viwili, -likuwa pamoja na -me-: kidole kilikuwa kimeshika. Msomaji akiuona anajua kwamba jambo hilo lilikwisha kabla ya tukio lililo mbele yake.

Muundo huo ni wa mlangoni. Kosa la kawaida ni kuendelea nao ndani: "baba alikuwa ameitikia, alikuwa amechovya dole gumba, alikuwa amelibandika." Kila kitenzi kinakuwa viwili, sentensi inakuwa nzito, na tukio linapoteza mwendo. Ukitumika mara moja au mbili mwanzoni, unatosha. Baada ya hapo msimulizi hurudi kwenye -li- ya kawaida, na msomaji hubaki jana hadi atakapoambiwa vinginevyo. Ndiyo maana katika mfano ni sentensi ya kwanza tu yenye "kilikuwa kimeshika". Inayofuata inasema "alikuwa na miaka minane", na zilizobaki zinatembea kwa -li-.

Kiambishi -ka- ndicho kinachoipa jana kasi. Hakitaji wakati wake chenyewe, bali hupokea wakati wa kitenzi kilichotangulia na kuongeza hatua nyingine: aliitikia, akachovya, akalibandika. Matendo matatu yanapita kwa sentensi moja. Lakini sifa hiyohiyo huleta utata mlangoni. Kwa kuwa -ka- hufuata kitenzi kilichotangulia, sentensi ya kwanza ya kurudi leo isianze nayo. Mtu akiandika "Mwaka uliofuata mwenye duka alikuja na wapimaji. Mzee akauliza wanasemaje", msomaji atamhesabu mzee kuwa miongoni mwa waliokuja na wapimaji. Mlango wa kutokea unahitaji -li- mpya, "mzee aliuliza", na ni vizuri zaidi ukitanguliwa na sauti au kitu cha leo.

Viashiria navyo husaidia. "Ule" na "ile" husogeza mbali: usiku ule, karatasi ile. "Hicho" na "sasa" hurejesha karibu. Na iwapo hadithi nzima inasimuliwa kwa -na-, kama waandishi kadhaa wa siku hizi wanavyopenda, kazi inakuwa nyepesi: leo ni "mzee anasogea", jana ni "karani alisoma", na muundo wa vitenzi viwili hauhitajiki kabisa.

Pale jana inaposimuliwa kwa mdomo

Kuna njia ambayo haisimamishi leo hata kidogo, nayo ni kumfanya mhusika aisimulie jana kwa mtu mwingine ndani ya tukio. Hapo kusimulia kwenyewe ni tendo la leo. Saa ya kwanza inaendelea kugonga kwa sababu kuna anayesema, anayesikiliza, na jambo linalotegemea maneno hayo.

Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951, imejengwa yote juu ya msingi huu. Tukio la leo ni kesi. Karama ameshtakiwa na waziri Majivuno kwa sababu ya kufundisha elimu ya sheria, na anajitetea mbele ya mfalme na baraza kwa siku sita. Utetezi wake ni habari za wajumbe sita waliotumwa kwenda nchi mbalimbali na mambo waliyotendewa waliporudi. Kwa idadi ya kurasa, yaliyopita yanachukua sehemu kubwa ya kitabu. Hata hivyo, msomaji hasahau kwamba yuko barazani, kwani kila habari ya mjumbe ni ushahidi, na shingo ya mshtakiwa inategemea jinsi itakavyopokewa. Siku moja ikiisha, ameongeza jambo moja katika mizani ya kesi. Jana na leo zimefungwa kamba moja.

Njia hii nayo ina mtego. Mwandishi anayetaka kumfahamisha msomaji jambo huwafanya wahusika waambiane wanayoyajua wote: "Kama unavyojua, dada, mama yetu alifariki tukiwa wadogo, tukalelewa na shangazi." Hakuna dada anayemwambia dada yake hivyo. Kipimo ni kuuliza: ni nani anayeisikia habari hii kwa mara ya kwanza, na atafanya nini nayo? Barazani Kusadikika, wasikilizaji ndio watakaoamua. Katika mazungumzo ya dada wawili hakuna asiyejua wala anayeamua. Habari hiyohiyo ingekuwa na uhai iwapo dada mmoja angekuwa anaipinga: anasema shangazi aliwatesa, mwenzake anasema aliwaokoa. Hapo msomaji anaijua jana yao kupitia ugomvi wa leo.

Kurudi na kuhesabu

Rasimu ikikamilika, mwandishi anaweza kuikagua kwa kalamu. Pembeni mwa kila aya aandike L kwa leo na J kwa jana, kisha atazame mfuatano. J ndefu ndani ya kurasa mbili za kwanza huonyesha kwamba hadithi ilianza kurudi kabla ya kwenda. J nyingi mfululizo huonyesha leo iliyosimama, na tiba yake ni kuzikata vipande na kuvisogeza kila kimoja hadi kwenye uamuzi wa leo unaokihitaji. J inayofuatwa na L isiyobadilika ndiyo ile iliyopaswa kufunikwa kwa karatasi.

Aangalie pia muda uliopita leo wakati mhusika yuko jana. Mzee wa koti alingoja kwa pumzi mbili au tatu, na swali lake "Wanasemaje?" linalingana na kungoja huko. Sehemu ya jana ikihitaji kuwa ndefu kweli, leo ipewe nafasi inayoikubali: mhusika awe safarini ndani ya basi, awe anakesha na mgonjwa, awe anasubiri mvua ipite. Anaporudi, kuwe na kitu kinachoonyesha kwamba saa haikulala: basi limevuka daraja, taa imepungua mafuta, mitaro imejaa. Mhusika aliyekatizwa katikati ya mazungumzo hapaswi kukaa jana zaidi ya kiasi ambacho mwenzake anaweza kunyamaza.

Mwisho ni suala la uwiano. Kuna hadithi ambazo herufi J zinazidi L kwa mbali, na kila zinapokatwa hadithi inavunjika. Hiyo si kasoro ya mbinu, bali ni ishara kwamba tukio lenye uzito liko jana na mwandishi alianza kusimulia akiwa amechelewa. Ikiwa usiku wa karani, kesi iliyofuata, na kufa kwa baba ndiyo mambo yanayomvuta msomaji, na duka la cherehani ni dirisha la kuyatazamia tu, basi hadithi ianzie usiku ule, taa ikiwa mkononi mwa mtoto wa miaka minane, na mzee mwenye koti aje mwishoni kwa zamu yake. Au jana na leo zisimuliwe sura kwa sura, kila moja ikiwa na swali lake linaloendelea, hadi zikutane kwenye barua. Katika mpango huo hakuna tena kurudi nyuma, kwa kuwa kila saa imepewa mwendo wake.

Lakini ikiwa kinachomvuta msomaji ni kile ambacho Mwanaidi atakisoma kwa sauti, leo ndiyo hadithi, na sentensi sita za jana zimekwisha kufanya kazi yao.